Waliondoka dakika ya tatu: kisa cha muziki uliofunika maelezo

Video yenyewe ni somo la dakika 10 kamili kuhusu kurekebisha breki za baiskeli. Mwenye chaneli ni fundi anayejirekodi mwenyewe. Alinitumia faili la video, mradi wake wa kuhariri ukiwa na traki zote, pamoja na grafu ya watazamaji kutoka YouTube Studio. Swali lake lilikuwa moja: kwa nini watu wanaondoka kwa wingi kuanzia dakika ya tatu? Jibu alikuwa nalo tayari. Pale ndipo anapoacha kueleza mbele ya kamera na kuanza vitendo, na kwa maoni yake watu wa siku hizi hawana subira ya kuangalia mikono ikifanya kazi.

Sauti hakuishuku, kwa sababu alishaipima. Video nzima ilisoma -16.5 LUFS. LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti kinachojaribu kufuata sikio la binadamu linavyousikia, na hesabu yake inatoka kwenye kanuni ya ITU-R BS.1770. YouTube hushusha sauti ya video inayozidi takriban -14 LUFS, na iliyo chini ya hapo huiacha ilivyo. Kwa hiyo ya kwake haikushushwa wala kupandishwa: ukifungua Stats for nerds unaona content loudness ya -2.5dB, yaani iko chini kidogo tu ya kiwango. Akahitimisha kwamba sauti ni nzuri.

Namba hiyo ni sahihi, ila hailijibu swali lake. Ni wastani wa kila kinachosikika kwa dakika zote 10: maelezo, muziki, hata mgongano wa spana. Video mbili zinaweza zote kusoma -16.5, moja ikasikika kila neno na nyingine isieleweke. Tunachotaka kujua ni tofauti kati ya maelezo na muziki wakati vyote viwili vinasikika kwa pamoja, na tofauti hiyo haionekani kabisa ndani ya wastani.

Kuisoma grafu kwa hesabu

Tuanze na grafu kabla ya sauti. Ukianza na sauti, utakuwa umeshampata mshitakiwa kabla hujalichunguza kosa.

Video ilikuwa imetazamwa mara 9,000 hivi, kwa hiyo kila asilimia moja kwenye grafu ni takriban watazamaji 90. Dakika ya kwanza niliiacha. Hapo kila video humwaga watu, wengi wao wakiwa wamegundua tu kwamba hiki sicho walichokuwa wanatafuta, na ukijaribu kuitafsiri sauti kutoka kwenye mteremko huo utajidanganya.

Kuanzia dakika ya 1:00 hadi 3:00, fundi anaeleza mbele ya kamera na muziki uko chini sana. Watazamaji wanashuka kutoka asilimia 61 hadi 55. Kuanzia 3:00 hadi 4:30 anaonyesha kazi huku akieleza, muziki umepanda, na wanashuka kutoka 55 hadi 42. Kuanzia 4:30 hadi 7:00 anaeleza tena bila muziki wowote: 42 hadi 37. Kisha 7:00 hadi 8:30 kuna vitendo vingine, safari hii haneni neno. Ameweka maandishi mafupi kwenye skrini na muziki mtupu. Hapo ni 37 hadi 34.

Kwa macho, mteremko wa 3:00 unajitangaza wenyewe. Lakini vipande vingine haviwezi kulinganishwa kwa macho, kwa sababu urefu wake si sawa na idadi ya watu waliokuwepo mwanzoni mwa kila kipande si sawa. Kupoteza nukta tatu kati ya 37 ni hasara kubwa kuliko kupoteza tatu kati ya 61. Kwa hiyo nilitafuta hasara kwa dakika miongoni mwa waliokuwa bado wanatazama:

```
hasara = 1 - (mwisho / mwanzo)^(1 / dakika)
```

Kipande cha kwanza cha maelezo kinapoteza asilimia 5 kwa dakika. Kile cha maelezo bila muziki, asilimia 5 pia. Vitendo vyenye muziki mtupu, asilimia 5.5. Vitendo vyenye maelezo juu ya muziki, asilimia 16.5.

Hapo hapo nadharia ya subira inapata shida. Dakika ya saba watu walitazama mikono ikifanya kazi kwa dakika moja na nusu, bila hata neno, na waliondoka kwa mwendo ule ule wa kawaida. Vitendo haviwakimbizi. Na jambo la pili, ambalo lilinifurahisha zaidi: muziki mkubwa kuliko wote katika video hii upo dakika ya saba, kwenye -17 LUFS, na haukumfukuza mtu. Wanaosema muziki mkubwa unafukuza watazamaji wamekosa nusu ya habari.

Sauti ya dakika ya tatu

Kwa kuwa nilikuwa na traki zake, niliweza kupima sauti ya fundi peke yake na muziki peke yake. Kwenye maelezo ya mwanzo, sauti yake iko -16 LUFS na muziki -36. Pengo ni desibeli 20. Dakika ya tatu sauti yake inashuka hadi -21, kwa sababu ameondoka mbele ya maikrofoni ya mezani na sasa anarekodiwa na maikrofoni ya kamera kutoka mbali. Muziki nao umepanda hadi -25. Pengo limebaki desibeli 4.

Kwa nini aliupandisha muziki pale pale sauti yake ilipopungua? Nilipomuuliza alicheka: "Kulikuwa na feni nyuma, kaka. Nikaona niifunike na muziki." Huu ni mtego unaowanasa wengi. Kelele inafichwa kwa sauti nyingine, na hiyo nyingine inafunika kila kitu pamoja na maneno. Nikaipima feni yenyewe kwenye mapumziko kati ya sentensi, muziki ukiwa umezimwa: -37. Yaani feni ilikuwa desibeli 16 chini ya sauti yake. Muziki ulioletwa kuificha ulikuwa desibeli 4 tu chini. Dawa ilikuwa kubwa kuliko ugonjwa kwa desibeli 12.

Mtu asiye na traki zilizotenganishwa anaweza kufika karibu na jibu hilo hilo kwa kutumia video iliyokwisha. Amri hii ya programu ya ffmpeg huandika kipimo kila sehemu ya kumi ya sekunde:

```
ffmpeg -nostats -i video.mp4 -filter_complex ebur128 -f null -
```

Safu ya `M` ni wastani wa milisekunde 400, na `S` ni wa sekunde 3. Tazama `M` kwenye mapumziko marefu ya msemaji: hapo unasoma muziki na kelele tu. Kisha tazama `S` anapozungumza mfululizo: hapo unasoma vyote kwa pamoja. Katika kipande chetu mapumziko yalisoma karibu na -25 na maneno karibu na -19.5. Tofauti ni 5.5, lakini hilo silo pengo lenyewe, kwa kuwa namba ya juu ina muziki ndani yake. Ukiutoa kwa hesabu ya nguvu unapata desibeli 4, sawa na traki zilivyosema. Njia hii ina udhaifu mmoja: kama mhariri ametumia kompresa inayoshusha muziki kila msemaji anapofungua mdomo, muziki hupanda tena kwenye mapumziko, na pengo litaonekana dogo kuliko lilivyo.

Je, desibeli 4 ni kidogo kiasi gani? Kipo kipimo cha kulinganishia. Mwongozo wa WCAG wa ufikivu wa maudhui, kigezo 1.4.7 kinachohusu rekodi za maneno zisizo na picha, unataka sauti za nyuma ziwe angalau desibeli 20 chini ya maneno, na unaeleza kwamba hiyo ni takriban ukubwa wa robo kwa sikio. Ni kigezo cha daraja la juu kabisa, AAA, na kiliwekwa kwa kuwafikiria wasiosikia vizuri, kwa hiyo si lazima kila video ikifikie. Mimi hukichukua kama sehemu salama ya kuanzia. Fundi wetu mwenyewe alikuwa amekifikia dakika ya kwanza bila kujua.

Skrubu ya nusu mzunguko

Pengo la jumla bado linaficha jambo moja. Irabu za msemaji ndizo zenye nguvu nyingi na ndizo zinazojaza kipimo, lakini maneno hutofautishwa zaidi na konsonanti kama s, t, k na f, ambazo ni dhaifu na sehemu kubwa ya utambulisho wake iko kuanzia takriban hezi 2,000 kwenda juu. Muziki aliouchagua ni wa gitaa la kukwangua na kayamba, na kayamba huishi huko huko juu. Nilichuja kila traki ibaki na eneo hilo tu kisha nikapima upya:

```
ffmpeg -nostats -i sauti.wav -af "highpass=f=2000,lowpass=f=6000,ebur128" -f null -
```

Katika eneo hilo pengo halikuwa desibeli 4 tena. Muziki ulikuwa juu ya sauti yake kwa desibeli 2.

Matokeo yake yanasikika dakika 3:20. Fundi anasema: "Legeza skrubu nusu mzunguko, si mzunguko mzima." Kwenye spika ya simu nilisikia "nusu" kwa shida, ile "si" ikapotea yote kwenye kayamba, na kilichobaki wazi ni "mzunguko mzima". Yaani mtazamaji anapewa agizo lililo kinyume na lililosemwa. Kwenye maoni watu wawili waliuliza kama ni mzunguko mzima kweli.

Sasa rudi kwenye grafu mahali hapo hapo. YouTube hugawa kila video vipande 100, kwa hiyo kwa video ya dakika 10 kila kipande ni sekunde 6. Kipande cha 3:18 hadi 3:24 kinapanda kidogo, zaidi ya asilimia moja, halafu mteremko unaendelea mkali kuliko awali. Fundi alikiona kilima hicho akadhani watu wameipenda sehemu ile. Lakini grafu haihesabu vichwa, inahesabu mara ambazo kipande kimetazamwa. Mtu akirudisha nyuma anahesabiwa tena, ndiyo maana grafu huweza hata kuvuka asilimia 100. Kilima kidogo juu ya sentensi yenye agizo la kipimo, kikifuatiwa na kuporomoka, mara nyingi ni watu waliorudi kusikiliza mara ya pili, wasisikie, wakaondoka. Kilima cha kupendwa huwa hakifuatiwi na kuporomoka kwa namna hiyo.

Kuhesabu mara badala ya watu kunazua shaka nyingine: labda hawakuondoka, waliruka mbele tu. Ingekuwa hivyo, grafu ingepanda tena 4:30, pale ambapo walioruka wangetua. Haikupanda. Waliondoka.

Ni muziki, au ni maikrofoni?

Hapa ndipo kisa kingeweza kukwama. Dakika ya tatu mambo mawili yalibadilika kwa pamoja: muziki ulipanda kwa desibeli 11 na sauti ya fundi ikashuka kwa 5, tena ikiwa na mwangwi wa chumba. Hasara ya asilimia 16.5 tungeweza kuibebesha lolote kati ya hayo.

Bahati ilitusaidia. Wimbo wake ulikuwa mfupi, ukaishia 3:48, na nakala ya pili kwenye taimlaini aliianzisha 4:06. Alidhani hakuna atakayegundua. Kwa sekunde 18 hakuna muziki, lakini maikrofoni ni ile ile ya kamera, sauti ni ile ile ya -21, feni inavuma kama kawaida, na mikono inaendelea na kazi ile ile. Ni vipande vitatu kamili vya grafu.

Watazamaji walikuwa asilimia 46.4 ilipofika 3:48, na asilimia 45.7 ilipofika 4:06. Hiyo ni hasara ya kiwango cha kawaida, kama asilimia 5 kwa dakika. Ukiziondoa sekunde hizo 18, sehemu iliyobaki yenye muziki inapoteza asilimia 19 kwa dakika. Kwa watu halisi, ndani ya sekunde 18 waliondoka takriban 60, na kama kasi ya muziki ingeendelea wangeondoka karibu 260. Tofauti ya namna hiyo huwezi kuiita bahati nasibu.

Mtu anaweza kusema kwamba waliofika 3:48 ni wale wavumilivu, wepesi wa kuudhika walikwishaondoka. Ni pingamizi zuri, na nakala ya pili ya wimbo inalijibu: muziki uliporudi 4:06, wavumilivu hao hao walianza kuondoka kwa kasi ile ya mwanzo, hadi asilimia 42 ilipofika 4:30. Uvumilivu uliowashikilia kwenye mwangwi na feni haukutosha kwenye muziki.

Kwa nini mwenyewe hakusikia tatizo? Alihariri kwa hedifoni. Gitaa lilikuwa limevutwa kushoto, kayamba kulia, na sauti yake katikati. Sikio linajua kutenganisha sauti zinazotoka pande tofauti, hivyo kwake maneno yalikuwa wazi. Kwenye simu yenye spika moja pande zote hurundikana mahali pamoja, na spika ndogo kama hiyo haitoi besi, kwa hiyo inabaki mapambano ya katikati na juu, mahali ambapo alikuwa anashindwa. Tena yeye ndiye aliyesema maneno yale. Anayeijua sentensi huisikia hata isiposikika. Ukaguzi wa maana hapa ni kugeuza sauti iwe ya mono, kuishusha hadi kiwango cha mtu anayetazama chumbani wengine wakizungumza, na kumpa mtu asiyejua breki aandike anachosikia.

Video iliyofuata

Nilimsihi asinunue maikrofoni kwanza. Angebadilisha vyote viwili kwa pamoja tusingejua kipi kilisaidia. Video iliyofuata, kuhusu kukaza mnyororo, aliirekodi kwa kamera ile ile na feni ikiwaka. Muziki aliutafuta usio na kayamba, akauweka desibeli 20 chini ya sauti yake kila anapozungumza, na kuuzima kabisa kwenye sentensi zenye vipimo. Kompresa ya kuushusha muziki nilimshauri aiache, kwa sababu kwa mtu anayesema sentensi fupi fupi muziki unakuwa unapanda na kushuka kila baada ya sekunde mbili, na hilo nalo ni kero ya aina yake.

Sehemu ya vitendo yenye maelezo ilikuwa ya dakika mbili. Watazamaji walitoka asilimia 50 hadi 43.5, sawa na hasara ya asilimia 6.7 kwa dakika. Maelezo ya mbele ya kamera kwenye video hiyo hiyo yalipoteza 5. Mada ni nyingine na watazamaji walikuwa wachache, kama 4,000, kwa hiyo siwezi kuilinganisha 6.7 na 16.5 kana kwamba zimetoka chumba kimoja cha maabara. Zile sekunde 18 za ukimya ndizo ushahidi wenye uzito zaidi kwangu, kwa kuwa pale hakuna kilichobadilika isipokuwa muziki.

Tofauti iliyobaki kati ya 6.7 na 5 huenda ni ya maikrofoni ya mbali, au ni ya vitendo vyenyewe. Sasa amepata maikrofoni ya kubana kwenye kola, na sauti yake inasoma -16 mezani na kwenye kazi. Video ya kwanza aliyoirekodi nayo imetazamwa mara 600. Kwa idadi hiyo kila asilimia ya grafu ni watu sita, na kipande chochote cha sekunde chache kinaweza kuyumba kwa sababu ya watu watatu walioitwa chakula. Tunaiacha ifike elfu tatu au nne ndipo tuifungue.